Matone Mawili Mgongoni mwa Mkono

Ukimtazama mpambaji akiwa kazini utaona mgongo wa mkono wake wa kushoto umejaa rangi. Hapo ndipo sahani yake ilipo. Anatona tone la faundesheni, anatona la krimu pembeni yake, anayazungusha kwa ncha ya kidole, kisha anachukua kwa sponji na kupeleka usoni. Rangi iliyokuwa nzito kama lipu inageuka utando mwepesi unaoacha vinyweleo na hata kidoa kidogo vionekane. Nimefanya hivyo kwenye nyuso nyingi hapa Dar es Salaam, na sina mpango wa kuacha. Tatizo ni lile tone la pili linapokuwa losheni ya jua, na mwenye uso anapohesabu kwamba kwa tone hilo amekwisha kujikinga.

Mwaka jana, mwezi wa Desemba, alinijia mteja wangu wa siku nyingi, mwalimu wa shule ya msingi huko Temeke. Alikuwa na mabaka ya kahawia kwenye mashavu na juu ya mdomo, yale yaliyomtokea alipobeba mimba ya pili na hayakuondoka mtoto alipozaliwa. Daktari wa ngozi alimwambia ni melasma na kwamba adui yake wa kwanza ni jua. Kwa hiyo alinunua losheni ya jua ya SPF 50, na kila asubuhi isipokuwa Jumapili aliichanganya na faundesheni yake, nusu kwa nusu.

"Anti, mimi jua najikinga kila siku," aliniambia. "Mbona haya mabaka yanazidi kukolea?"

Nikamwomba atoe vitu vyake kwenye mkoba. Chupa ya losheni ilikuwa ya mililita 50. Nikamuuliza aliinunua lini. Akafikiri kidogo, akasema kabla ya Pasaka. Nikaitikisa, na bado ilisikika ikicheza ndani. Hapo nilipata nusu ya jibu kabla hata ya kumgusa uso.

Nilimwomba ajipake mbele yangu kama anavyofanya nyumbani, ila kila kitu kipite kwanza kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, lile la mililita moja linalouzwa duka la dawa. Faundesheni ilifika mililita 0.2. Losheni ya jua nayo 0.2. Jumla ilikuwa mililita 0.4, na ilimtosha uso mzima hadi kidevuni, kwa sababu michanganyiko ya namna hii huteleza na kusambaa mbali. Uso ukapendeza kweli, lakini kinga haikuwepo, au tuseme ilikuwepo kivuli chake.

Ile namba ya SPF kwenye chupa haikupatikana kwa mtu kujipaka anavyotaka. Maabara hupaka miligramu 2 za losheni kwenye kila sentimita mraba moja ya ngozi, kisha huangalia ngozi hiyo inachukua mionzi kiasi gani kabla ya kuanza kuwa nyekundu, ikilinganishwa na ngozi isiyopakwa. Ikivumilia mara 50 zaidi, chupa inaandikwa 50. Uso wa mtu mzima una kama sentimita mraba 500 hadi 600, kwa hiyo ili upate namba iliyoandikwa unahitaji gramu moja na ushee. Kwa kipimo cha jikoni ni robo kijiko cha chai kwa uso peke yake, bila shingo. Jaribu siku moja kumimina robo kijiko cha losheni kwenye kiganja na utashangaa. Wengi wakiona kiasi hicho hudhani wamekosea, hurudisha nusu kwenye chupa.

Mwalimu alikuwa anapaka mililita 0.2 pale palipohitaji 1.1 hivi. Ni kama sehemu moja ya tano, tena kwa kumhurumia. Watu wengi wangegawanya 50 kwa tano na kusema basi amebaki na SPF 10, si mbaya. Lakini mwanga haugawanyiki kama maandazi. Fikiria tabaka kamili la losheni ya SPF 50 kuwa ni mapazia mawili membamba yaliyopangwa, moja mbele ya jingine. Mionzi inayopita yote mawili ni sehemu moja ya hamsini. Sasa, pazia moja tu linapitisha kiasi gani? Ukidhani ni sehemu moja ya ishirini na tano, umekosea, kwa sababu mapazia mawili ya namna hiyo yangepitisha sehemu moja ya mia sita ishirini na tano. Jibu ni karibu sehemu moja ya saba, maana saba mara saba ni 49. Kwa hesabu hii nusu ya losheni ya SPF 50 inakupa kama SPF 7. Ukiigawa ile ile kwenye mapazia matano, kila moja likiwa la tano ya unene, pazia moja linakinga kwa kiwango cha 2 na kidogo.

Hesabu hiyo ni kali, na ile ya kugawanya moja kwa moja ni ya ukarimu. Losheni halisi zikipimwa huangukia mahali fulani kati ya hizo mbili, kutegemea zilivyotengenezwa. Kwa hiyo mwalimu, akiwa na chupa iliyoandikwa 50 mkononi, alitoka nyumbani na kinga iliyo kati ya 2 na 10. Hapo bado tunadhani losheni ilikaa usoni sawasawa, jambo ambalo mchanganyiko haulikubali kirahisi.

Hebu tuangalie losheni ya jua inavyofanya kazi ikiwa peke yake. Kwenye chupa ni mafuta na maji yaliyoshikanishwa, na vichujio vya mionzi vimeyeyushwa au kutawanywa ndani yake. Ukiipaka, maji yanakauka na kinachobaki ni utando mwembamba wa mafuta wenye vichujio hivyo. Ngozi nayo si bapa. Ukiikuza kwa darubini ina vilima na mabonde, na losheni hupenda kutuama mabondeni na kuacha vilima vikiwa karibu vitupu. Watengenezaji hutumia nguvu nyingi kupambana na jambo hilo. Huweka viungo vinavyotengeneza utando unaoshika hata juu ya vilima, kisha huipima bidhaa ikiwa imekamilika hivyo. Tundu dogo kwenye utando ni sawa na tundu kwenye chandarua: mbu hajali kwamba sehemu nyingine yote ni nzima.

Sasa ingiza faundesheni. Imejaa unga wa rangi uliofungwa kwa utaratibu wake, ina mafuta yake au silikoni yake, na viungo vyake vya kushikanisha. Kidole kikizungusha mara kumi mgongoni mwa mkono, mifumo miwili inagongana. Unga unaweza kujikusanya madonge, utando ukakatika, na vichujio vikabaki vingi hapa na haba pale. Kwa macho unaona rangi imelingana. Vichujio huvioni, kwa hiyo hujui vimekaa wapi.

Mtu ataniuliza, na nimeulizwa mara nyingi, mbona viwandani huuza losheni ya jua yenye rangi, na krimu za rangi zenye SPF? Si kuchanganya kulekule? Kiwandani unga wa rangi husagwa na kusambazwa kwa mashine za kasi kubwa, viungo huchaguliwa ili vipatane, na kinachopimwa SPF ni bidhaa ya mwisho, ikiwa na rangi yake ndani. Mchanganyiko wako wa asubuhi haujawahi kupimwa na mtu yeyote, na wa kesho hautafanana na wa leo.

Hata bidhaa mbili zote zikiwa na SPF, namba hazijumlishwi. Faundesheni ya SPF 15 ikikutana na losheni ya SPF 30 haitoi 45. Ukizichanganya nusu kwa nusu na kupaka robo kijiko kamili, jambo ambalo hakuna anayelifanya na faundesheni kwa sababu uso ungekuwa kinyago, ungetegemea kitu kilicho kati ya 15 na 30, kama utando umenusurika.

Kuna njia ya kuona mgongano huo kwa macho kabla haujafika usoni. Chukua sahani ya kioo au kifuniko safi cha kontena la plastiki. Weka tone la kila kimoja, changanya, tandaza nyembamba, kisha acha dakika tano. Mchanganyiko unaopatana unabaki laini, wa rangi moja. Usiopatana unaanza kujitenga: utaona vijitundu kama vya maziwa yaliyokatika, au pete ya mafuta pembeni huku rangi imejikusanya katikati, au chembechembe unazozisikia kwa kidole. Mara nyingi chanzo ni kwamba kimoja kimejengwa juu ya maji na kingine juu ya silikoni. Soma orodha ya viungo nyuma ya chupa, vinne vitano vya mwanzo. Ukikuta maneno yanayoishia kwa "-cone" au "-siloxane" yapo juu kabisa, hiyo ni ya silikoni. Ikiwa inaanza na "Aqua" na hayo maneno hayaonekani hadi chini sana, hiyo ni ya maji. Bidhaa nyingi zina vyote viwili, kwa hiyo orodha ni ya kukuelekeza tu. Hukumu inatoka kwenye sahani.

Usipojaribu, uso utakuonyesha, tena mbele za watu. Unapitisha brashi mara ya pili na mara vinatoka vikorombwezo vidogo kama makombo ya kifutio cha penseli. Wapambaji wenzangu huviita makombo, na wengi hulaumu ngozi ya mteja kwamba haikusuguliwa vizuri. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi ni tabaka la chini ambalo halikuachwa likauke, au vitu viwili visivyotaka kukaa pamoja. Kila kombo linalodondoka limeondoka na losheni ya jua iliyokuwa hapo.

Habari ya kudumu usoni ni nyingine, na hapa krimu ya kawaida ya kulainisha ngozi inahusika kama losheni ya jua. Faundesheni inayotangazwa kudumu saa nyingi ina siri moja. Sehemu kubwa ya umajimaji wake imeundwa ipotee hewani. Ukishaipaka, umajimaji huo unaondoka kwa dakika chache na kuacha rangi imekamatwa ndani ya utando mkavu unaonyumbulika. Ndiyo maana haitoki kwenye kola. Krimu ya kulainisha imeundwa kwa nia iliyo kinyume kabisa. Ina glisirini inayovuta na kushika maji, na mafuta yasiyokauka, ili ngozi ibaki na unyevu kutwa. Ukizichanganya, sehemu isiyokauka inabaki ndani ya utando wa faundesheni na kuufanya usishike. Rangi inabaki ikitembea. Inateremka na jasho, inajikusanya kwenye mistari ya kucheka na pembeni ya pua, inahamia kwenye simu, kwenye ushungi, na kwenye bega la shati jeupe la mjomba anayekukumbatia harusini.

Nililijaribu hili usoni mwangu mwenyewe siku ya Februari, joto la Dar likiwa limeshika kasi. Shavu la kulia nilipaka faundesheni peke yake, la kushoto nikapaka ileile iliyochanganywa nusu kwa nusu na krimu. Saa mbili asubuhi la kushoto lilikuwa zuri zaidi, bila ubishi. Saa sita mchana nikabandika tishu kwa sekunde kumi kila upande. Ya kulia ilitoka na ukungu mdogo tu wa rangi. Ya kushoto ilitoka na shavu zima. Kufikia saa tisa upande wa kushoto ulikuwa umebakiza rangi pembeni ya pua na chini ya jicho, kwingine ngozi tupu inayong'aa mafuta.

Lakini nisiseme kama kwamba ukavu ni mzuri kila mahali. Nilipokwenda kupamba harusi Njombe mwezi wa Julai, baridi na upepo vilikuwa vimekausha nyuso za watu, na faundesheni ileile ya kudumu ilipasuka mashavuni kama udongo wa kiangazi. Hapo tone la krimu ndani ya faundesheni ndilo lililoniokoa. Hewa kavu humaliza unyevu wa ziada, na utando hupata kukaa. Kwa hewa ya pwani, yenye unyevu tayari, glisirini inaongeza maji mahali ambapo hayahitajiki. Kwa hiyo ukisikia mpambaji wa Nairobi anasifia mchanganyiko ambao kwako Mombasa unayeyuka kabla ya saa nne, wote wawili mnasema kweli.

Kiasi nacho kina maana. Sehemu moja ya krimu kwa sehemu mbili za faundesheni inapunguza uzito bila kuvunja sana mshiko. Nusu kwa nusu ni ya kutokea picha au chakula cha jioni. Ikizidi hapo ni krimu yenye rangi tu, usiitegemee. Changanya cha kutumia siku hiyo, usimimine krimu kwenye chupa ya faundesheni. Viungo vinavyozuia vijidudu kwenye kila chupa vimepimwa kwa ajili ya chupa hiyo. Ukivichanganya na kuvihifadhi miezi, umezimua kinga hiyo pia, na faundesheni iliyobadilika harufu au kujitenga haistahili kuguswa.

Turudi kwa mwalimu, kwa sababu kesi yake ilikuwa na tabaka jingine ambalo hata mimi nilichelewa kulijua. Tumezoea kusikia kwamba ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili. Ni kweli. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani walipima ngozi za watu weusi na weupe wakapata wastani wa kinga ya 13.4 kwa weusi dhidi ya 3.4 kwa weupe. Namba hiyo ya 13 imesambaa sana, na wengine huitumia kusema losheni ya jua ni ya wazungu. Ni wastani, inabadilika kwa mtu na mtu, na inahusu mionzi ile inayounguza. Mabaka yana habari yake. Mwaka 2010 watafiti wa Hospitali ya Henry Ford, Detroit, walimulika ngozi kwa mwanga wa kawaida, huu tunaouona kwa macho, na wakaona kwamba ngozi za kahawia na nyeusi ziliweka weusi mzito uliodumu, ilhali ngozi nyeupe sana haikubadilika. Kumbe ile hazina ya rangi tuliyo nayo ndiyo inayoitikia.

Sasa fikiria losheni ya jua inayosifiwa kwa kutoweka kabisa usoni. Kama huioni, ni kwa sababu mwanga unaoonekana unaipita. Haiwezekani kitu kiwe hakionekani na wakati huohuo kizuie mwanga wa macho. Kinachozuia mwanga huo kwa kiasi cha maana ni unga wenye rangi, hasa oksidi za chuma, nyekundu, njano na nyeusi. Ni jamaa wa kutu ya mabati. Hizo ndizo zinazoipa faundesheni rangi ya ngozi yetu, na kadiri faundesheni inavyokuwa ya kahawia zaidi ndivyo inavyokuwa nazo nyingi.

Kwa hiyo mwalimu alikuwa anapoteza mara mbili. Losheni yake ilipungua ndani ya faundesheni, na oksidi za chuma za faundesheni zikapungua ndani ya losheni. Alikuwa na nusu ya kila kimoja, juu ya mabaka yaleyale yaliyohitaji vyote kamili. Na mwanga huo haumngoji uwanjani wakati wa paredi tu. Unapita kwenye kioo cha dirisha la daladala, tena pamoja na sehemu kubwa ya mionzi ya UVA, wakati ile inayounguza inabaki nje na mtu hahisi chochote.

Tulichofanya siku hiyo hakikuhitaji kununua kitu kipya. Alinawa, akapaka krimu nyepesi kidogo, tukasubiri. Nikampimia robo kijiko cha losheni ya jua, akaipaka kwa mizunguko miwili: nusu kwanza uso mzima, kisha nusu nyingine juu yake, bila kusahau masikio na mstari wa nywele. Shingo ikapata kiasi chake pembeni. Mwanzoni alionekana mweupe kidogo, kwa kuwa losheni yake ilikuwa na titani dioksidi, na huo ukijivu ndio uliokuwa umemfanya aanze kuchanganya tangu mwanzo. Nilimwambia avumilie dakika kumi na tano. Tukanywa chai. Utando ulipokaa, kidole kikiguswa hakitelezi tena, ukijivu ulikuwa umepungua.

Ndipo ikaja faundesheni. Kwenye mabaka, mashavuni na juu ya mdomo, nilitumia ileile bila kuzimua, tabaka jembamba mara mbili. Kwingine kote, paji la uso, kidevu na pembeni kuelekea masikioni, nilitumia ile iliyozimuliwa kwa krimu, sehemu mbili kwa moja. Rangi ni ileile, kwa hiyo mpaka hauonekani, ila uzito unakaa pale unapohitajika. Faundesheni ikafuta ukijivu uliobaki. Na kote nilibonyeza kwa sponji, sikusugua. Brashi ikisuguliwa juu ya losheni ya jua inaikwangua, na kazi yote ya nusu saa inakuwa imehamia kwenye manyoya ya brashi.

Kujipaka tena ndiko kunakowashinda wengi. Losheni inatakiwa irudiwe kila baada ya saa mbili ukiwa nje, na hakuna mwalimu atakayenawa uso na kuanza upya kati ya kipindi cha nne na cha tano. Tulikubaliana abebe losheni na sponji safi. Mchana apunguze jasho na mafuta kwa tishu, aloweshe sponji kwa losheni na kuibonyeza usoni taratibu. Mekapu itasogea kidogo. Haitakuwa robo kijiko, lakini itajaza mashimo ya asubuhi. Poda zenye SPF sikumshauri azitegemee, maana ili ufikie kiasi cha maabara kwa poda ungetoka umepakaa kama mchoma mkaa wa chokaa. Kwa uwanjani, nilimwambia, mwavuli. Alicheka, akasema wanafunzi watamwita bibi. Akanunua kofia pana.

Kuna watu wawili ambao siwachanganyii losheni ya jua na kitu chochote, hata wakiniomba. Wa kwanza ni anayetumia mkorogo, au aliyeacha karibuni. Neno hilo limetufanya Waswahili wengi tuogope kuchanganya krimu, na hofu hiyo ni ya haki, ila hatari ya mkorogo iko kwenye dawa zilizomo, kama haidrokwinoni, steroidi na zebaki. Ngozi iliyopunguzwa rangi yake imevuliwa kinga ya asili, na ya steroidi imekuwa nyembamba. Hapo losheni inapaswa kukaa yenyewe, kamili, na mekapu ije baadaye kama ngozi inaivumilia.

Wa pili ni mwenye ualbino. Kwake nusu ya kinga ni jeraha, na majeraha hayo hugeuka saratani. Pale Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na msisitizo wa wanaoigawa ni uleule: ipakwe ya kutosha, irudiwe, pamoja na kofia na mikono mirefu. Nimewahi kumpamba bibi harusi mwenye ualbino. Losheni yake aliipaka mwenyewe nyumbani kabla sijafika, na mimi nikaanzia juu yake.

Mwalimu alirudi mwezi wa Februari. Mabaka yalikuwepo bado, maana melasma haiondoki kwa wiki chache, ila kingo zake hazikuwa zimekolea zaidi. Yeye alikuja na malalamiko mengine. Alitoa chupa ya losheni kwenye mkoba, mpya aliyoianza baada ya ile ya Pasaka kwisha, akaigeuza juu chini na kuibinya mpaka ikatoa upepo.

"Anti, hii nimeifungua Januari," alisema. "Wiki ya sita tu, na imekwisha kabisa. Hebu niambie wapi wanauza ya chupa kubwa."